Kinundu Kimoja Kwenye Pafu: Kungoja, Kuchoma Sindano au Kupasua

Mgonjwa huenda kupigwa picha ya kifua kwa sababu nyingine kabisa: amepimwa kabla ya upasuaji wa ngiri, ameanguka akaumia ubavu, au anatafuta cheti cha afya cha safari. Taarifa inaporudi, ndani yake kuna sentensi moja fupi isemayo kwamba pafuni kumeonekana kivuli cha mviringo, na kwamba uchunguzi zaidi unashauriwa. Kivuli hicho ndicho tunachokiita kinundu pekee cha pafu. Ni uvimbe mmoja, wenye kipenyo kisichozidi milimita 30, uliozungukwa na pafu lenye hewa pande zote. Ukizidi milimita 30 hauitwi tena kinundu, na daktari huuchukulia kuwa saratani mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Vinundu vingi si saratani. Vingine ni makovu ya kifua kikuu, vingine ni tezi ndogo ya limfu iliyokaa ndani ya pafu, vingine ni uvimbe usio na madhara uitwao hamatoma. Lakini saratani ya pafu nayo huanza ikiwa kinundu, na wakati huo ndipo hutibika kwa kukatwa. Kinundu hakiumi wala hakiletei mtu kikohozi. Kwa hiyo uamuzi wa kukifuatilia kwa picha, kukichoma sindano au kukiondoa hufanywa kwa mtu anayejiona mzima, na hapo ndipo pana ugumu wake.

Somo hili litaufuata ugumu huo kupitia mgonjwa mmoja wa mfano. Ni mwalimu mstaafu wa Dodoma, mwenye umri wa miaka 62. Alivuta sigara kumi kwa siku kwa miaka 25, akaacha miaka minane iliyopita. Akiwa kijana wa miaka 30 alitibiwa kifua kikuu akapona. Sasa amepigwa eksirei kabla ya kufanyiwa upasuaji wa ngiri, na imeonekana alama ya mviringo sehemu ya juu ya pafu la kulia. Hana homa, hajapungua uzito, hakohoi.

Picha ya zamani kwanza

Jambo la kwanza analopaswa kuulizwa mgonjwa wa namna hii ni kama amewahi kupigwa picha ya kifua na kama anayo. Swali hili halina gharama, na mara nyingi hujibu zaidi ya kipimo chochote cha fedha nyingi. Kinundu kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili au zaidi kina uwezekano mdogo sana wa kuwa saratani, na mgonjwa anaweza kurudi nyumbani bila kuchomwa wala kukatwa. Nimeshawaona wagonjwa wakitoa eksirei ya miaka mitano nyuma chini ya godoro, ikiwa na kivuli kilekile, kikubwa kilekile, na habari ikaishia hapo. Ndiyo maana huwa nawaambia wahudumu wa zahanati wasimwambie mgonjwa atupe picha baada ya kupona.

Mwalimu wetu alileta eksirei ya miaka miwili iliyopita. Upande wa kushoto, juu, palionekana kovu lenye chokaa, na lilikuwapo vilevile kwenye picha mpya; hilo ni kumbukumbu ya kifua kikuu cha ujanani. Lakini pale panapoonekana kinundu sasa, upande wa kulia, picha ya zamani haikuonyesha kitu. Hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Eksirei mara nyingi haioni kinundu kilicho chini ya sentimita moja, hasa kikijificha nyuma ya mbavu au mtulinga. Kwa hiyo kutoonekana zamani hakuthibitishi kwamba ni kipya. Kunatuambia tu kwamba hatuna ushahidi wa kuwa ni cha kale, na kwamba kovu la kushoto haliwezi kutumiwa kueleza kinundu cha kulia.

Siti skani inatafuta nini

Hatua iliyofuata ilikuwa siti skani ya kifua yenye vipande vyembamba, vya milimita moja hadi moja na nusu. Unene huo ni wa lazima. Vipande vinene vya milimita tano hukipa kinundu kingo zisizo zake na kuficha chokaa iliyo ndani, kisha daktari akalinganisha vipimo viwili visivyolinganishika. Kwa kupima ukubwa peke yake, dawa ya kung'arisha mishipa haihitajiki.

Mtaalamu wa radiolojia huangalia mambo machache yenye uzito. Ukubwa ndio wa kwanza: kinundu kilicho chini ya milimita 6 kina uwezekano wa saratani ulio chini ya mtu mmoja katika mia, lakini kuanzia milimita 8 uwezekano hupanda upesi. Kisha kingo. Kingo laini za mviringo hutuliza moyo, ingawa hazitoi hakikisho. Kingo zenye miale, kama jua analolichora mtoto, hutia shaka kubwa, kwa sababu seli za saratani hupenya kwenye tishu za jirani na kuzivuta. Mahali pia pana maana, kwani saratani hupendelea sehemu za juu za mapafu. Kwa bahati mbaya kifua kikuu nacho hupendelea hukohuko, kwa hiyo alama hii kwetu ina nguvu ndogo kuliko ilivyo Ulaya.

Alama inayoweza kufunga mjadala ni chokaa au mafuta ndani ya kinundu. Chokaa iliyojaa kinundu chote, iliyokaa katikati kama kokwa, au iliyojipanga kwa matabaka, ni ishara ya kovu la maambukizi ya zamani. Chokaa yenye umbo la bisi, au mafuta, huashiria hamatoma. Kinyume chake, chokaa iliyo pembeni tu au iliyotawanyika kama vumbi haimhakikishii mtu chochote. Saratani inaweza kuwa imemeza kovu la zamani.

Kinundu cha Mwalimu kilikuwa kigumu, milimita 12, sentimita mbili kutoka ukingo wa pafu. Kingo zake zilikuwa na mabonge madogo lakini hazikuwa na miale. Hakikuwa na chokaa wala mafuta. Pafu linalokizunguka lilikuwa na mifuko ya hewa iliyoharibiwa na moshi, yaani emfisema. Tezi za katikati ya kifua hazikuvimba. Makohozi yake yalipimwa kifua kikuu kwa njia ya vinasaba, hayakuwa na vimelea. Kipimo cha VVU kilikuwa hasi, na hilo tulihitaji kulijua, kwa sababu mwongozo wa Jumuiya ya Fleischner wa mwaka 2017, unaotumiwa sana duniani kupanga ratiba za picha, haukuandikwa kwa ajili ya watu wenye kinga dhaifu, wala walio chini ya miaka 35, wala waliokwisha kuugua saratani. Kuutumia kwa watu hao kwa sababu tu jedwali lake limebandikwa ukutani ni kuutumia nje ya mipaka yake.

Uwezekano, kabla ya kuchagua njia

Njia huchaguliwa kwa kukadiria uwezekano wa saratani, na kadirio hilo linapaswa kuandikwa kwenye faili kabla ya kipimo kingine kuagizwa. Madaktari wa Kliniki ya Mayo huko Marekani walitoa mwaka 1997 kanuni inayotumia vitu sita: umri, kuvuta sigara, historia ya saratani, kipenyo cha kinundu, kingo zenye miale, na kuwa sehemu ya juu ya pafu. Tukiweka taarifa za Mwalimu ndani yake, jibu ni takriban asilimia 21. Kama kinundu kilekile kingekuwa na miale, jibu lingekuwa takriban asilimia 44. Msomaji ataona jinsi alama moja ya kwenye picha inavyozidisha namba maradufu.

Kanuni hii ina kasoro kwetu: ilitengenezwa kwa wagonjwa wa mahali ambapo kifua kikuu ni haba. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi, baadhi ya vinundu ambavyo kanuni inavishuku vitakuwa vya kifua kikuu. Basi asilimia 21 tuichukue kuwa dira ya kutuonyesha upande wa kuelekea, tukijua kwamba huenda imezidi kidogo.

Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa mwaka 2013 unagawa vinundu vigumu vilivyozidi milimita 8 katika makundi matatu. Uwezekano ukiwa chini ya asilimia 5, hufuatiliwa kwa picha. Ukizidi asilimia 65, na mgonjwa anaweza kustahimili upasuaji, huelekea kwenye upasuaji. Katikati ya hapo hutafutwa ushahidi zaidi, ama kwa biopsi ama kwa peti skani, kipimo kinachotumia sukari yenye mionzi kuona kama kinundu kinatumia nguvu nyingi. Peti skani ni kipimo kizuri mahali pasipo na kifua kikuu. Kwetu, mbali na kwamba vituo vyenye kipimo hicho ni vichache, kinundu cha kifua kikuu kilicho hai nacho hung'aa kama saratani. Kisipong'aa kuna faida. Kiking'aa hatujasonga mbele sana.

Mwalimu alikuwa katika kundi la katikati. Biopsi ya sindano ilikuwa njia halali, lakini sindano ingepita ndani ya emfisema kufikia kitu cha milimita 12. Katika taarifa nyingi za biopsi kupitia kifuani, hewa huvuja nje ya pafu kwa wagonjwa takriban 15 hadi 25 kati ya 100. Wengi hupona bila tiba, wachache huhitaji kuwekewa mrija kifuani, na wenye emfisema ndio walio hatarini zaidi. Njia nyingine halali ilikuwa kurudia siti skani baada ya miezi mitatu. Mambo haya aliwekewa wazi.

"Daktari, kama kuna shaka, kwa nini tusikiondoe leo tukamaliza?" aliuliza.

"Mwalimu, kwa kadirio tulilo nalo, kati ya watu watano wenye kinundu kama chako, wanne tungewapasua kifua kwa kitu ambacho hakingewadhuru," alijibiwa. "Na mmoja aliyebaki, miezi mitatu kwa kawaida haimwondolei nafasi ya kutibiwa. Sharti ni moja tu, kwamba urudi siku tutakayoiandika."

Akachagua kungoja. Tarehe ikaandikwa kwenye kadi yake na kwenye daftari la kliniki, pamoja na namba ya simu ya binti yake. Kungoja kusiko na tarehe wala mtu wa kumtafuta mgonjwa si ufuatiliaji. Mahali ambapo mgonjwa hana uhakika wa nauli ya kurudi, au mashine huharibika kwa miezi, daktari ana haki ya kuegemea biopsi mapema zaidi kuliko jedwali linavyosema.

Milimita tatu

Siti skani ya pili ilifanyika kwa mashine ileile na unene uleule wa vipande. Kinundu kilikuwa na milimita 15. Kwa macho, tofauti ya milimita tatu ni ndogo, na wapo wanaoandika "hakuna badiliko kubwa". Hapo ndipo wagonjwa hupotea. Kinundu ni tufe, na ujazo wa tufe hufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara tatu. Kumi na mbili mara kumi na mbili mara kumi na mbili ni 1,728. Kumi na tano kwa namna hiyohiyo ni 3,375. Uvimbe ulikuwa umekaribia kuongezeka maradufu ndani ya siku 90. Kwa jumla, kipenyo kikikua kwa takriban asilimia 26, ujazo umekuwa mara mbili.

Kasi hiyo ina maana yake. Uvimbe unaojaza maradufu kwa siku chache, chini ya ishirini hivi, mara nyingi ni maambukizi au uvimbe wa ghafla. Unaochukua zaidi ya siku 400 kwa kawaida si saratani kali. Saratani nyingi ngumu za pafu huangukia katikati ya mipaka hiyo, na cha Mwalimu, kikiwa na siku 93 hivi, kiliangukia hapohapo. Tofauti isiyofika milimita mbili tungeihesabu kuwa kosa la upimaji, lakini tatu hazikuweza kupuuzwa.

Nitaje kwa kupita kwamba kuna vinundu visivyo vigumu, vinavyoonekana kama kioo chenye ukungu. Hivyo hukua polepole sana, na kwavyo miaka miwili ya utulivu haitoshi. Hufuatiliwa hadi miaka mitano. Kinundu kigumu kama cha Mwalimu, kama kingebaki na milimita 12, kingeendelea kupigwa picha hadi mwaka wa pili kisha kikaachwa.

Jibu la sindano lisilo jibu

Sasa hatari ya sindano ilistahili kubebwa. Biopsi ilifanywa kwa ganzi ya mahali, mgonjwa akiwa amelala kifudifudi, sindano ikiongozwa na siti skani. Hewa kidogo ilivuja, ikaisha yenyewe baada ya saa chache. Jibu la patholojia lilisema: hakuna seli za saratani zilizoonekana, kuna uvimbe wa kawaida na nyuzi za kovu.

Familia ilifurahi. Katika kituo kimoja cha karibu na kwao mgonjwa alishauriwa kuanza dawa za kifua kikuu kwa miezi sita, "tuone kama kitapungua". Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na katika kazi yangu sioni unaochelewesha tiba ya saratani ya pafu kuliko huu.

Jibu la biopsi lisilo na saratani lina aina mbili. La kwanza ni jibu mahususi: patholojia imeona hamatoma, au imeona chembechembe za kifua kikuu zenye kiini kilichooza, au maabara imekuta vimelea vyenyewe. Hilo ni jibu, na tiba hufuata. La pili ni jibu lisilo mahususi, kama la Mwalimu: halikuona saratani, wala halikusema kitu hicho ni nini. Sindano huchukua uzi mwembamba wa nyama, na pembezoni mwa saratani aghalabu pana uvimbe wa kawaida na kovu. Sindano ikigonga pembezoni, italeta pembezoni. Jibu la namna hii halishushi uwezekano wa saratani vya kutosha kwa kinundu ambacho tumekiona kikikua.

Na dawa za kifua kikuu hazifai kutumiwa kama kipimo. Uvimbe halisi wa kifua kikuu unaweza kupungua polepole mno, hata ukakua kidogo mwanzoni mwa tiba, kwa hiyo miezi miwili ya kwanza haitofautishi lolote. Wakati huohuo hesabu inaendelea. Kama kinundu hiki ni saratani yenye kasi tuliyoipima, miezi sita ni vipindi viwili vya kuongezeka maradufu: ujazo mara nne, na kipenyo kutoka milimita 15 hadi takriban 24. Huko ni kumngoja adui akiwa ameshaonekana.

Kupasua, na kupasua kiasi gani

Zilibaki njia mbili: kurudia sindano, au kukiondoa kinundu chote ili kiwe biopsi na tiba kwa pamoja. Mtu dhaifu wa moyo au pumzi angerudiwa sindano. Kwa Mwalimu swali lilikuwa kama pumzi yake ingestahimili. Spirometa ilionyesha kwamba hewa anayotoa kwa sekunde ya kwanza ni asilimia 74 ya inayotarajiwa kwa mtu wa umri na urefu wake. Mapafu huhesabiwa kuwa na vipande 19, na sehemu ya juu ya pafu la kulia ina vitatu. Ikiondolewa yote, hubaki vipande 16 kati ya 19, yaani takriban asilimia 62 ya pumzi inayotarajiwa. Kiwango kilicho juu ya asilimia 60 huhesabiwa kuwa salama kwa upasuaji. Siti skani ilikaguliwa tena kuona ini na tezi za juu ya figo, mahali saratani ya pafu hupenda kukimbilia, na hapakuwa na kitu.

Kabla ya kutia saini, aliambiwa waziwazi kwamba huenda kikatolewa kikakutwa ni kifua kikuu. Mgonjwa anayelisikia hili baada ya upasuaji huona ametapeliwa. Anayelisikia kabla huelewa kwamba analipia uhakika.

Kwa nusukaputi, daktari wa upasuaji wa kifua alikata kwanza kabari ndogo ya pafu yenye kinundu, ikapelekwa maabara wakati mgonjwa bado yuko mezani. Nyama iligandishwa, ikakatwa na kuangaliwa, na jibu lilirudi ndani ya nusu saa: adenokasinoma, saratani ya seli za tezi. Hospitali isiyo na huduma hii ya haraka hulazimika kumfunga mgonjwa na kungoja siku kadhaa, na pengine kumrudisha chumba cha upasuaji. Jambo hilo nalo aelezwe mapema.

Zamani kila saratani ya namna hii iliondolewa pamoja na sehemu nzima ya pafu. Majaribio mawili makubwa, moja la Japani lililochapishwa mwaka 2022 na lingine la Amerika ya Kaskazini la mwaka 2023, yalionyesha kwamba kwa uvimbe usiozidi sentimita 2 ulio pembezoni mwa pafu, kukata kipande kidogo zaidi hakumpunguzii mgonjwa maisha. Kwa Mwalimu mwenye emfisema tofauti hiyo ilikuwa na thamani. Aliondolewa kipande kimoja kati ya vile vitatu, chenye ukingo safi kuzunguka uvimbe, pamoja na tezi za limfu za eneo hilo. Tezi zote hazikuwa na saratani. Uvimbe wenyewe ulipimwa mezani ukawa na milimita 16, hatua ya kwanza, na hakuhitaji dawa za kemikali. Atapigwa siti skani kila miezi sita kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kisha mara moja kwa mwaka.

Na kama maabara ingekuta kifua kikuu? Sehemu ya nyama hiyo ingeoteshwa ili kujua dawa zipi zinaua vimelea vyake, Mwalimu angeanza dozi kamili akiwa na jina la ugonjwa wake mkononi, na uamuzi wa kumpasua ungebaki kuwa sahihi kwa taarifa zilizokuwapo siku ulipofanywa.